MTEJA KAKUITA TAPELI HADHARANI? ANDIKA MANENO YA VIDEO YAKO HIVI

Ndugu mfanyabiashara, mteja akikuita tapeli kwenye komenti, video ya kujibu humtengenezei yeye. Yeye unamalizana naye kwa simu. Video ni ya wale wanaopita kimya kimya, wamesoma ile komenti, na sasa wanaogopa kukutumia hela.

Huwa nawasaidia wauzaji kuandika maneno ya video hizi, na kitu cha kwanza ninachowaambia ni hiki: usirekodi kabla hujamaliza tatizo. Ukisema "tutamrudishia hela yake", mtazamaji anasikia ahadi ya mtu anayedaiwa. Ukisema "nimemrudishia jana", hilo ni jambo ambalo mteja mwenyewe anaweza kuja kulithibitisha hapo hapo.

Chukua mfano huu. Dada mmoja anauza viatu Kariakoo na kutuma mikoani kwa basi. Mteja wa Dodoma aliagiza namba 39, akapata 37. Akapiga simu, kimya. Akaandika: "Tapeli huyu, kaleni hela zenu vizuri." Dada akaniletea maneno aliyotaka kusema, yanaanza hivi: "Biashara ina changamoto, na kuna watu hawapendi maendeleo ya wengine..." Tukafuta yote. Kwanza akarudisha hela, halafu tukaandika haya:

"Habari zenu. Jumatatu mteja wetu wa Dodoma aliandika hapa kwamba aliagiza viatu namba 39, akaletewa 37, na akipiga simu hapokelewi. Ni kweli, yote mawili. Kosa ni letu na tunamwomba radhi. Jana nimemrudishia shilingi 40,000: 35,000 za viatu na 5,000 za kutuma mzigo. Amethibitisha amezipata. Kuanzia leo, kabla hatujafunga mzigo wako, tunakutumia picha ya soli inayoonyesha namba. Ukijibu 'sawa', ndipo tunafunga. Simu tunapokea saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Nje ya hapo acha meseji, tutakupigia. Asanteni."

Ukisoma kwa sauti, taratibu, haifiki dakika moja. Sasa angalia mpangilio wake. Inaanza na lalamiko kama mteja alivyolisema, bila kulipunguza. Watu wameshalisoma, kwa hiyo ukiacha hata kipande kimoja, kama ile simu isiyopokelewa, wataona unaficha. Kisha linakuja kukubali, halafu kilichofanyika pamoja na kiasi chake, na mwisho kilichobadilika. Hicho cha mwisho ndicho kinachomrudisha mnunuzi. "Tutakuwa makini zaidi" hakuna anayeweza kuipima. Picha ya soli anaipima siku anayoagiza: ameipata au hajaipata. Ndiyo maana usiahidi kitu ambacho siku ya mizigo mingi hutakiweza.

Ukimaliza kuandika, pitia tena ukitafuta maneno matatu. La kwanza ni "lakini" baada ya kuomba radhi, kwa sababu linafuta radhi yote. La pili ni "kama kuna aliyekwazika", wakati unamjua aliyekwazika. La tatu ni kumtaja kijana wa dukani au kondakta wa basi kuwa ndiye mkosaji. Mteja alikulipa wewe, si wao.

Pia usionyeshe jina la mteja, namba yake wala meseji zenu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, anayetazama atajiuliza kama kesho utamwanika yeye.

Video hii haifai kila mahali. Kama lalamiko ni moja, dogo, na halijasambaa, jibu pale pale kwenye komenti, maana video itawapelekea habari wasiokuwa nayo. Kama lalamiko si la kweli, usiombe radhi kwa kosa ambalo hukulifanya: eleza ulichotuma na tarehe, onyesha risiti ya basi ukiwa umeziba jina na namba, kisha nyamaza.

Utajuaje imefanya kazi? Soma komenti za siku mbili tatu. Watu wakirudi kuuliza bei na saizi, imeingia. Wakianza kuandika "na mimi je, mbona hukunijibu?", hapo kuna mizigo mingine imekwama. Acha kurekodi, kaa na daftari la oda, uwamalize mmoja mmoja.

Wewe umewahi kupata komenti ya namna hii? Uliijibuje? Tuandikie hapo chini.