Simu Imekuwa Nzito: Iwashe Upya, Kisha Uitazame

Simu ya Android ya bei nafuu, yenye RAM ya gigabaiti 3 na hifadhi ya gigabaiti 32, huwa nyepesi ikitoka kwenye boksi. Ukiandika, herufi zinafuata kidole. Mwaka ukipita, mambo hugeuka. Kibodi inachelewa kutokea, kamera inafunguka wakati mtoto uliyetaka kumpiga picha ameshakimbia, na ukipigiwa unasikia mlio huku kioo bado cheusi, hujui nani anapiga. Ukiipeleka kwa fundi, jibu la haraka ni kwamba simu imezeeka.

Jibu hilo linakosesha watu pesa. Prosesa ya simu haichoki kwa mwaka mmoja. Kasi iliyokuwa nayo siku ya kwanza ingali nayo, isipokuwa simu ikipata joto kali, maana hapo hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kilichobadilika ni mzigo: programu zimenenepa kila zinaposasishwa, hifadhi imejaa, na kuna programu zinazofanya kazi kimyakimya bila mwenyewe kujua. Kila tatizo kati ya hayo lina tiba yake, na njia nyepesi ya kuyatofautisha ni kuiwasha simu upya na kuangalia wepesi wake unadumu kwa muda gani.

Tuchukue simu kama hiyo mkononi mwa mama mwenye duka la vitenge, anayepokea oda kupitia makundi ya WhatsApp. Anabonyeza kitufe cha kuwashia, anachagua “Restart”. Simu ikiwaka aingize namba yake ya siri mara moja, kwa sababu kabla ya kufunguliwa, sehemu kubwa ya data yake bado imefungwa, na ujumbe wa WhatsApp hautaingia. Kisha asubiri kama dakika tano kabla ya kuihukumu. Simu ikishawaka tu, programu nyingi huamka kwa pamoja, na kwa muda mfupi huwa nzito kuliko ilivyokuwa.

Baada ya hapo aitumie kama kawaida. Ikibaki nyepesi siku kadhaa kisha ianze kulemewa polepole, maana yake kuna programu, au sehemu ya mfumo wenyewe, inayochukua nafasi kwenye RAM na kusahau kuirudisha. Mfumo hauwezi kuufunga kwa kupangusa kidole, kwa hiyo dawa ni hiyohiyo: aiwashe upya mara moja kwa wiki, basi. Ikiwa nyepesi asubuhi na kufika adhuhuri imeshakwama, RAM inazidiwa na kitu kinachorudi chenyewe, na kitu hicho lazima kitafutwe. Lakini ikiwa haikubadilika hata kidogo, aache kuhangaika na RAM, aende kuangalia hifadhi.

Simu ya mama wa vitenge inakwama kufikia adhuhuri. Hatua ya pili ni kuiwasha katika hali inayoitwa “Safe mode”. Kwenye simu nyingi unafungua menyu ya kuzima, unashikilia kidole juu ya “Power off” mpaka swali la Safe mode litokee, unakubali. Simu itawaka na programu ilizokuja nazo kiwandani pekee. Zile alizopakua mwenyewe zitalala. Kila simu huonekana nyepesi kidogo katika hali hiyo, kwa hiyo asitazame wepesi wa jumla, atazame kero yake mahususi. Je, kibodi bado inachelewa? Je, jina la anayepiga linatokea kwa wakati? Kero ikitoweka, chanzo ni programu aliyoiweka mwenyewe. Akiwasha upya kwa kawaida, programu zake zote zinarudi.

Sasa aanze na zile alizoweka miezi ya karibuni, hasa zinazobadilisha sura ya simu, kibodi zenye mapambo, na zile zinazojiita visafishaji. Hizi za mwisho ndizo ninazopenda watu waziondoe kabla ya nyingine zote. Zinaahidi kuongeza kasi kwa kufunga programu zilizo nyuma, na ahadi hiyo imejengwa juu ya kutoielewa RAM.

RAM ni kama meza ya fundi cherehani, na hifadhi ni kabati lake. Kitambaa anachokishona mara kwa mara kinabaki mezani. Akikirudisha kabatini kila akikata uzi, siku itaisha akiwa anafungua na kufunga milango. Android hufanya vivyo hivyo kwa makusudi. Ukitoka kwenye WhatsApp, mfumo unaiacha ndani ya RAM ikiwa imetulia, haili prosesa, ili ukirudi ifunguke papo hapo. Nafasi ikihitajika, mfumo wenyewe huondoa zilizokaa muda mrefu bila kuguswa. Ukizipangusa zote kila saa, au ukikiachia kisafishaji kazi hiyo, kila programu italazimika kuanza upya kutoka kwenye hifadhi. Hapo muda unapotea na chaji inaliwa. Nyingine hujirudisha zenyewe mara zinapofungwa, kisafishaji kinazifunga tena, na vuta nikuvute hiyo ndiyo uzito anaousikia mwenye simu.

Kupangusa kuna maana kwa programu moja iliyoganda, si kwa zote. Zenye kulemea ni zile zisizotulia zikiwa nyuma: zinazotafuta mahali ulipo, zinazopakia picha mtandaoni, zinazovuta matangazo. Kuziona kunahitaji menyu iliyofichwa. Fungua “Settings”, ingia “About phone”, tafuta “Build number”, uiguse mara saba mfululizo. Kwenye baadhi ya simu imewekwa ndani zaidi, chini ya “Software information”. Menyu mpya iitwayo “Developer options” itajitokeza, na ndani yake kuna “Running services”, inayoonyesha kila programu inayofanya kazi kwa wakati huo na kiasi cha RAM inachochukua. Mama akikuta mchezo wa mtoto usiochezwa tangu likizo umo katika orodha hiyo, aufute. Programu anayoihitaji mara chache anaweza kuibana: aingie kwenye ukurasa wa programu hiyo ndani ya mipangilio, sehemu ya betri, achague “Restricted”. Asiibane WhatsApp wala programu ya benki, maana taarifa zake zitaanza kuchelewa, na mteja aliyetuma oda hatasubiri.

Menyu hiyohiyo ina mambo mengi ambayo hayafai kuguswa kwa kubahatisha. Ila kuna matatu, yamepangwa pamoja, yanayostahili: “Window animation scale”, “Transition animation scale” na “Animator duration scale”. Haya yanaamua urefu wa ule mchezo wa kioo pale dirisha linapokua, ukurasa unapoteleza kuingia na menyu inapofifia. Kawaida yote huwa 1x. Ukiyaweka kwenye .5x, mwendo uliochukua theluthi ya sekunde utachukua takriban sehemu moja ya sita.

Kwa haki, lazima isemwe mabadiliko hayo hayaiongezei simu nguvu hata chembe. WhatsApp ikichukua sekunde nne kujipakia, itaendelea kuchukua sekunde nne. Kinachopungua ni ule muda wa kungoja pambo limalizike, na kwa kuwa unaupitia mara mamia kwa siku, kidole kinaona tofauti mara moja. Simu dhaifu inafaidika zaidi, kwa sababu ili mwendo uonekane laini kioo chenye kasi ya kawaida kinataka picha 60 kila sekunde, na prosesa iliyolemewa huziruka baadhi. Mwendo ukiwa mfupi, mikwaruzo nayo inapungua. Napendekeza .5x kuliko kuzima kabisa. Ukizima, kurasa zinaruka ghafla mpaka hujui umetoka wapi, na kwenye baadhi ya programu kile kiduara cha kusubiri kinasimama, ukadhani simu imeganda kumbe inapakia. Na kwa kuwa uhuishaji unaficha dalili, uguse mwisho, baada ya kumpata mchawi mwenyewe.

Kwenye simu ya mama wa vitenge, kuondoa kisafishaji na mchezo kumerudisha jioni iliyo nyepesi, lakini kamera bado inachelewa na picha zinachukua muda kuhifadhiwa. Hiyo ni hifadhi. Kati ya gigabaiti 32, mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa, na makundi ya WhatsApp yamejaza zilizobaki kwa video za salamu na harusi. Chipu ya hifadhi haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza ifute eneo zima. Nafasi ikiwepo, inaandika pengine na kufuta baadaye kwa utulivu. Ikikaribia kujaa, inalazimika kuhamisha data, kufuta, kisha kuandika, huku wewe unasubiri picha.

Aingie WhatsApp, “Settings”, “Storage and data”, kisha “Manage storage”. Ataona video zilizosambazwa mara nyingi na mafaili yanayozidi megabaiti 5 yamekusanywa mahali pamoja. Afute mpaka zibaki gigabaiti 4 au 5 wazi, kisha azime upakuaji wa video wa kujiendesha wenyewe. Wepesi hautarudi dakika ileile. Tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, Android huiarifu chipu ni maeneo gani yaliyofutwa, ila hufanya kazi hiyo simu ikiwa imetulia, kwa kawaida ikiwa kwenye chaji usiku. Simu inayochajiwa dakika ishirini ishirini huku inatumika haipati nafasi hiyo. Usiku mmoja au miwili kwenye chaji, kioo kimezimwa, unatosha kuona tofauti.

Simu nyingi siku hizi hutangaza RAM ya nyongeza inayokopwa kutoka kwenye hifadhi. Hifadhi ni ya polepole mara nyingi kuliko RAM, na ikiwa imejaa mkopo huo unaweza kuwa mzigo. Kuizima kwa siku mbili na kulinganisha hakugharimu kitu.

Yote hayo yakishindikana, kuna kufuta simu yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, baada ya kuhifadhi nakala ya picha na mazungumzo. Usirudishe programu zote siku hiyohiyo. Ongeza chache, itumie siku mbili, ongeza nyingine, ili inayoleta uzito ijulikane. Ikiwa simu ni nzito hata ikiwa tupu, huenda chipu ya hifadhi imechakaa, na kwa kuwa imechomelewa kwenye ubao, kuibadilisha mara nyingi hakulipi kwa simu ya bei hiyo. Anayekwenda kununua nyingine aulize RAM isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya 64 au zaidi, na aina ya hifadhi yenyewe: UFS ni ya kasi zaidi kuliko eMMC. Muuzaji asipojua, jina la modeli likitafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, mara nyingi aina hiyo imeandikwa.