Kima, Papa na Kalamu Nyekundu

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu hila kama silaha ya mnyonge, na hoja yake yote akaijenga juu ya hadithi ya Kima na Papa. Alianza hivi: kama isemavyo hadithi ya Waswahili, kima alimdanganya papa kuwa ameuacha moyo wake mtini. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: imesimuliwa na nani?

Hakupendezwa. "Mwalimu, hadithi hii haina mwenyewe. Kila mtu anaijua."

Hapo ndipo penye mtego. Ni kweli haina mtunzi, lakini kila ikisimuliwa huwa na msimulizi, naye huibadilisha. Chukua hadithi hiyohiyo. Katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi zilizosimuliwa Unguja, uliochapishwa mwaka 1870, kima huyo anakula kuyu juu ya mkuyu ulioota kilindini. Papa anamchukua kwa hila kwa sababu sultani wake ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Ukifungua Kalila wa Dimna, kitabu cha Kiarabu chenye asili ya Kihindi, rafiki wa kima si papa bali ni kobe, na anayedaiwa kuugua ni mkewe, aliyeingiwa na wivu kwa urafiki ule. Katika Panchatantra ya Kihindi ni mamba, naye pia anasukumwa na mke.

Tofauti hiyo si pambo. Insha yake ilidai kwamba hadithi inaonyesha mnyonge akijiokoa na mtawala. Hoja hiyo inasimama kwa masimulizi ya Unguja, ambako sultani ndiye anayeutaka moyo. Ukiegemeza hoja hiyohiyo kwenye Kalila wa Dimna, inaanguka, maana kule ni ugomvi wa nyumbani. Maneno "hadithi ya Waswahili" yameficha kitu ambacho insha nzima ilikitegemea.

Nilipombana zaidi, akakiri kwamba hakuisoma popote. Aliisikia kwa bibi yake, Tanga, alipokwenda likizo. Nikamwambia: basi hicho ndicho chanzo chako, kiandike. Kwanza umwombe bibi ruhusa ya kumtaja, na asipotaka, tumia herufi za mwanzo za jina lake au umwite msimulizi tu. Kisha eleza umri wake kwa makadirio, mahali, mwezi na mwaka uliposikia, lugha au lahaja aliyoitumia, na hali ya masimulizi yenyewe: ilikuwa usiku baada ya chakula, na wajukuu wakiitikia? Hayo yakae katika sentensi moja ndani ya insha au katika tanbihi, kadiri mwongozo wa chuo unavyotaka. Kwa mtindo wa APA, mazungumzo ya ana kwa ana yasiyohifadhiwa mahali wasomaji wanapoweza kuyafikia hutajwa ndani ya matini tu, hayaingizwi kwenye orodha ya marejeo. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo.

Kama unayanukuu maneno yake mwenyewe, yaandike alivyoyatamka, kwa lahaja yake. Ukiyasahihisha yakawa Kiswahili sanifu, umeandika maneno yako na kumvisha yeye. Kama hukurekodi, fupisha kwa maneno yako na usiweke alama za nukuu. Kumbukumbu ya miaka mitano si nukuu.

Methali nayo ilinipa kazi. Alifunga aya kwa "Wajinga ndio waliwao," akidhani inamhusu papa. Lakini papa haliwi, ameachwa mikono mitupu tu. Katika masimulizi yaliyochapishwa na Steere, kima anamjibu papa kwa hadithi nyingine ndani ya hadithi: punda wa dobi, aliyejeruhiwa na simba, akakimbia, kisha akashawishiwa na sungura arudi tena, akaliwa. Methali inamstahili punda huyo. Ukiiweka mwishoni mwa aya bila kusema inamgusa nani na kwa nini, inabaki kama pambo la kadi ya harusi. "Wahenga walisema" haitoshi. Sema unaitumia kuchambua nini, na kama umeitoa kwenye kitabu cha methali, kitaje, maana methali zina sura zinazotofautiana.

Nyimbo zina hatari ya kipekee. Kabla ya kuandika "wimbo wa asili", hakikisha hauna mtunzi. "Malaika" wengi huuchukulia kuwa wa jadi, kumbe utunzi wake umegombaniwa, Fadhili William na Adam Salim wakitajwa. Na kwa nyimbo za jando, arusi au kazi, mwimbaji na kiitikio vitenganishe, kwa sababu huenda hoja yako imo katika kile kinachorudiwa na umati.

Alirudisha insha wiki iliyofuata. Aya ya kwanza sasa ilimtaja bibi yake, Tanga, likizo ile, na chini yake mstari mmoja: masimulizi haya yanatofautiana na ya Steere, kwa kuwa kwa bibi hakuna sultani, anayeutaka moyo ni papa mwenyewe. Hoja yake kuhusu mtawala ilibidi ianze upya.