Makala Mbili, Swali Moja

Tuchukue tovuti ya ufugaji yenye makala mbili. Ya kwanza iliandikwa Machi 2023, inaitwa "Chanjo za kuku wa kienyeji". Inaeleza mdondo, au kideri kama wengine wasemavyo, kisha gumboro na ndui, na chini kabisa ina jedwali la siku za kuchanja. Mwaka mmoja baadaye mwenye tovuti akaona wasomaji wengi wanataka jedwali tu, akaandika makala ya pili: "Ratiba ya chanjo ya kuku". Alitegemea kupata wageni zaidi. Miezi michache ikapita, na watu waliokuwa wakiingia kutoka Google kwa maneno "ratiba ya chanjo ya kuku" wakawa wachache kuliko alipokuwa na makala moja.

Wanaoshughulika na tovuti husema hapo kurasa zinalana zenyewe kwa zenyewe. Google ina kurasa mbili za nyumba moja zinazojibu swali lilelile, haijui imsimamishe nani mbele, basi leo inauweka huu, kesho ule. Wengi wakisikia hivyo hukumbuka mafahali wawili na zizi moja, wakafuta makala moja jioni hiyohiyo. Naomba wasifanye hivyo. Kurasa mbili kuonekana kwa swali moja si ugonjwa. Wakati mwingine ni neema: Google huweza kuonyesha kurasa mbili za tovuti moja katika orodha moja, na msomaji akawa na milango miwili ya kuingilia kwako. Kazi ni kujua kama zinasimama pamoja au zinasukumana.

Kipimo kipo, na ni cha bure. Fungua Google Search Console, ingia Performance, weka kichujio cha Query, na uchague Exact query. Hilo la mwisho ni muhimu, kwani ukiacha "Queries containing" utachanganyiwa na maswali mengine yenye maneno hayohayo, kama "ratiba ya chanjo ya kuku wa nyama". Chagua miezi mitatu. Juu ya grafu utaona jumla ya Impressions, yaani mara ambazo tovuti yako ilijitokeza kwa swali hilo. Kisha shuka chini, bofya Pages, uone kila ukurasa ulijitokeza mara ngapi.

Sasa jumlisha zile za chini, ulinganishe na ile ya juu. Watu wengi hushangaa kuona hazilingani, wakadhani mtambo umekosea. Haujakosea. Jumla ya juu huhesabu tovuti nzima: kurasa zako mbili zikitokea katika utafutaji mmoja, hiyo ni mara moja. Za chini huhesabu kila ukurasa peke yake, kwa hiyo utafutaji huohuo unaandikwa mara mbili. Tofauti yake ndiyo inayokupa jibu.

Tuseme juu pameandikwa 900. Chini, makala ya kwanza ina 520 na ya pili 410, jumla 930. Zimezidi 30 tu. Maana yake, katika utafutaji 900, mara 30 tu ndipo kurasa zote mbili zilionekana pamoja. Mara 870 zilizobaki alionekana mmoja, mwenzake akiwa nje. Hizo zinapokezana nafasi. Lakini kama ya kwanza ingekuwa na 880 na ya pili 700, jumla ingefika 1,580, na tungejua kwamba mara 680 zilisimama bega kwa bega. Huyo wa pili huna sababu ya kumgusa.

Ukishaona zinapokezana, uliza swali la pili: kupokezana huko kunatokea wapi? Bofya Countries na Devices kabla ya kuhukumu. Inawezekana makala moja inaonekana Tanzania na nyingine Kenya, au moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta. Hapo hazigombani, kila mmoja ana shamba lake. Ikiwa zinabadilishana ndani ya nchi ileile na kwenye simu zilezile, ongeza kichujio cha Page, tazama grafu ya ukurasa mmoja siku kwa siku, kisha ya mwenzake. Kurasa zinazolana huonekana kama bembea: wiki hii mmoja yuko juu na mwingine amelala kwenye sifuri, wiki ijayo wamegeuzana.

Angalia sana usidanganywe na nafasi ya wastani. Makala ya kwanza inaweza kuandikiwa nafasi ya 6 ukafurahi, kumbe wastani huo umechukua siku ilizojitokeza tu. Zile siku ilizowekwa kando, mwenzake akiwa nafasi ya 14, hazimo katika hesabu yake. Ndiyo maana ukurasa unaonekana mzima huku wageni wanapungua.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni wa tarehe. Search Console hutunza miezi 16. Tafuta siku makala ya pili ilipochapishwa, ulinganishe miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada, kwa swali hilo moja. Kama ya kwanza ilikuwa imetulia, na bembea ikaanza wiki chache baada ya ya pili kuingia, una mshukiwa wa kweli. Kama tovuti nzima ilishuka kipindi hicho, pamoja na makala zisizohusu chanjo, basi sababu iko kwingine, na kufuta ukurasa hakutakusaidia.

Kabla ya kutibu, ondoa kichujio cha swali, uache cha Page, usome maswali yote yanayoleta watu kwa kila makala. Hapa ndipo makala nyingi nzuri huokolewa. Ukikuta ya kwanza inaleta watu wa "dalili za mdondo", hiyo ina kazi yake. Iache iishi, lakini liondoe lile jedwali la chini, uweke sentensi moja yenye kiungo kiitwacho "ratiba ya chanjo ya kuku" kinachokwenda kwenye makala ya pili. Pitia pia viungo vya makala nyingine za tovuti: mara nyingi utakuta nusu yake, kwa maneno hayohayo, vinaelekeza kwa ya kwanza. Hapo ni wewe mwenyewe uliyeichanganya Google.

Kama kila moja inaleta maswali yaleyale, ziunganishe. Hamishia yaliyo bora kwenye ile yenye viungo vingi kutoka nje, kisha anwani ya zamani ielekezwe kwa mpya moja kwa moja. Kwenye seva ya Apache, mstari mmoja katika faili la .htaccess unatosha:

```
Redirect 301 /ratiba-ya-chanjo /chanjo-za-kuku
```

Uache hapo mwaka mmoja angalau, kama Google wenyewe wanavyoshauri. Andika tarehe uliyofanya badiliko, usiguse kitu kingine katika kurasa hizo kwa wiki kadhaa, halafu rudi Pages na kichujio kilekile. Kwa kurasa ulizounganisha, anwani ya zamani itaendelea kutajwa kwa muda, ikipungua, mpaka jumla ya juu na ya ukurasa uliobaki zikaribiane.