Grafu ya Mtu Haichukuliwi kwa Kutaja Jina Tu

Tuseme mwalimu wa jiografia anaandika kitabu cha ziada cha shule. Katika kitabu kimoja cha chuo kikuu ameona grafu inayoonesha jinsi maji ya Ziwa Viktoria yalivyopanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa. Anaitaka vilevile ilivyo. Wenzake wanamwambia aipige picha, aandike chini jina la kitabu, basi.

Ushauri huo unachanganya mambo mawili. Kutaja chanzo kunamwondolea mwandishi lawama ya kujifanya kazi ni yake. Hakumpi haki ya kuichapa. Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kuchapishwa, mradi nukuu isizidi haja yake na mwenye kazi atajwe. Sentensi mbili tatu zinazojadiliwa zinaingia humo bila shida. Grafu ni kesi nyingine, kwa sababu huchukuliwa nzima, na mchapishaji anaweza kuihesabu kuwa kazi kamili.

Kabla ya kuandika barua, mwalimu asome maandishi madogo yaliyo chini ya grafu. Hapo ndipo wengi hupoteza mwezi mzima. Yakisema grafu imetoka kwenye jarida fulani kwa ruhusa, mchapishaji wa kitabu naye aliiazima, na hawezi kugawa asichomiliki. Ombi liende kwa jarida. Kisha afungue ukurasa wa hakimiliki mwanzoni mwa kitabu, aone mwenye haki ni nani na kama kuna leseni iliyokwisha kutolewa. Machapisho mengi ya Shirika la Afya Duniani, kwa mfano, tangu mwishoni mwa 2016 hutoka na leseni inayoruhusu kunakili bila kuomba, ila si kwa biashara. Anayetaka kuyatumia katika kitabu cha kuuza bado ana barua ya kuandika.

Barua yenyewe ni fupi. Anayeipokea hana muda wa kusoma wasifu wa mwombaji wala sifa za kitabu. Anataka kujua ni kitu gani, kinakwenda wapi, na kwa kiasi gani. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

“Naomba ruhusa isiyo ya kipekee ya kuchapa Mchoro 4.2, ukurasa wa 112, katika kitabu chenu kilichotajwa hapo juu, toleo la pili. Utatumika katika kitabu cha jiografia cha sekondari, nakala 3,000 za karatasi, zitakazouzwa Kenya na Tanzania. Maneno ya mchoro yatatafsiriwa kwa Kiswahili. Mistari na tarakimu hazitabadilishwa. Chini yake tutaandika jina la mwandishi, kitabu, mwaka, na maneno ‘Umechapwa kwa ruhusa ya mchapishaji’. Kama mnapenda maneno mengine, tafadhali tujulisheni. Kama haki si yenu, tunaomba mtuelekeze kwa mwenyewe.”

Maneno “isiyo ya kipekee” yanamtuliza mchapishaji: hazuiwi kumpa mwingine grafu hiyohiyo. Tafsiri nayo lazima itajwe, maana kubadili maneno ndani ya mchoro ni kuubadili mchoro. Nakala ya ukurasa wenyewe iambatanishwe, kwani namba za michoro huhama kutoka toleo moja hadi jingine. Kwa kifungu cha maandishi, mwombaji ataje kinapoanzia na kinapoishia, pamoja na idadi ya maneno.

Majibu hutofautiana. Wachapishaji wa sayansi waliokubali mwongozo wa chama chao cha kimataifa, STM, huachiana bure hadi michoro mitatu ya makala moja. Wengine hudai ada inayopanda kadiri nakala zinavyoongezeka, na mwombaji anaweza kueleza kwamba kitabu ni cha shule na bei yake ni ndogo. Kuna pia wasiojibu kabisa, na ukimya huo usichukuliwe kuwa ndiyo. Ndiyo maana ombi hupelekwa miezi kabla ya kitabu kwenda kiwandani.

Ikishindikana, bado kuna njia. Katika sheria nyingi tarakimu za vina vya maji si mali ya mchoraji. Kinacholindwa ni namna alivyozichora. Mwalimu anaweza kuzitafuta kwa waliopima, akachora grafu yake mwenyewe na kutaja chanzo cha takwimu. Kuifuatisha grafu ya mwenzake mstari kwa mstari, kisha kubadili rangi tu, hakuhesabiwi kuwa kuchora upya.

Akipewa ruhusa, barua hiyo aihifadhi pamoja na mkataba wa kitabu. Inahusu nakala 3,000 za karatasi: mwakani kitabu kikichapwa tena, au kikiuzwa kwenye simu, ataandika upya.