Jina la mtoto si hati ya ubaba

Mwanamke Mutabwa wa Kalemie akizaa na mwanaume Muluba kabla mahari haijatolewa, koo mbili hukutana juu ya jina la mtoto, na kila ukoo unakuja na haki yake. Batabwa huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti nzito juu yake. Baluba wa Katanga huhesabu kwa baba. Juu ya hayo kuna mahari. Ndugu wa mwanamke watasema, bila mahari hakuna aliye na haki ya kuja kudai mtoto hapa. Ndugu wa mwanaume watajibu kwamba damu ni yao, na mahari itafuata.

Nimesikiliza mabishano ya namna hii mara nyingi katika kazi yangu ya sheria, na kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili hupigania kitu kisichoamua wanachokitaka. Wanadhani atakayetoa jina ndiye atakayekuwa na mtoto. Sheria ya Kongo haisemi hivyo.

Kwanza tuangalie jina lenyewe. Huko Ufaransa au Ubelgiji, familia ina jina moja linaloshuka kutoka kizazi hadi kizazi, ndiyo maana wazazi wasiofunga ndoa wanapaswa kuamua ni jina la nani litashuka. Ubelgiji imewaruhusu tangu Juni 2014 kuyaunganisha yote mawili. Kwetu hakuna jina la familia la lazima. Kila mtoto anapewa majina yake: jina, posnomu, na kwa kawaida prenomu ya ubatizo au ya dini. Watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Joseph Kabila Kabange na Jaynet Kabila Kyungu ni mapacha, wote wamebeba jina la baba yao, Laurent-Désiré Kabila, lakini posnomu zao ni mbili, kwa sababu Kyungu na Kabange ni majina ambayo Baluba huwapa mapacha. Étienne Tshisekedi aliitwa wa Mulumba. Mwanawe Félix ni Tshisekedi Tshilombo. Hakuna kosa hapo, wala hakuna aliyeukana ukoo.

Mpangilio huu wa karatasi zetu ulipata sura yake ya sasa wakati wa siasa ya otentisite ya Mobutu. Mwaka 1972 prenomu za kigeni zilipigwa marufuku, na watu wakajaza nafasi hiyo kwa jina la babu, la bibi au la mahali. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, ndiyo inayotuongoza leo. Ibara ya 56 inasema kila Mkongo awe na jina lenye sehemu moja au zaidi za kumtambulisha. Ibara ya 58 inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na inakataza jina la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi. Prenomu za Kikristo zilirudi kwa wingi tangu miaka ya 1990, na ofisi zetu huziandika bila ubishi zikiwa nyongeza.

Ndani ya mipaka hiyo, wazazi wana uhuru mkubwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Baba ni Ngoy, mama ni binti wa ukoo wa Mumba, mtoto ni msichana na wanataka aitwe pia Esta. Wanaweza kumwita Ngoy Mumba Esta. Wanaweza kumwita Mumba Ngoy Esta. Wanaweza hata kuacha yote mawili na kumpa jina la bibi aliyefariki. Yote yanakubalika. Kwa maoni yangu, kuweka pande mbili kwa pamoja, jina la huku na posnomu ya huko, ni suluhisho zuri kwa nyumba ya Mutabwa na Muluba, na halihitaji kistari katikati: ofisi zetu huandika majina yakifuatana tu.

Lakini tuendelee na Esta, maana jambo kubwa liko mbele. Tuseme Ngoy alifurahi, akachagua jina, akanunua nguo za mtoto, kisha akarudi kwenye shughuli zake Moba. Mama akaenda komini peke yake na karatasi ya maternite, ndani ya siku 90 ambazo sheria imeziweka tangu 2016. Afisa wa etasivili akaandika: Ngoy Mumba Esta. Mama akatoka na cheti akiamini kwamba mtoto ameshapata baba.

Hajapata bado. Mtoto wa wazazi waliofunga ndoa anahesabiwa kuwa wa mume bila mume kusema neno. Mtoto wa nje ya ndoa anahitaji tendo la pili, ambalo kwenye karatasi zetu linaitwa afiliasio: baba mwenyewe anajitokeza mbele ya afisa na kutamka kwamba mtoto huyu ni wake, naye mama anakubali. Ibara ya 614 inataka lifanyike ndani ya miezi 12 tangu mtoto kuzaliwa. Neno Ngoy lililoandikwa katika jina la Esta halichukui nafasi ya tamko hilo. Wapo akina Ngoy wengi Kalemie, na mama angeweza kuchagua jina hilo hata kama baba ni mtu mwingine kabisa.

Tofauti inaonekana siku ya msiba. Ibara ya 758 inataja warithi wa kundi la kwanza: watoto waliozaliwa katika ndoa, watoto wa nje ya ndoa waliotambuliwa wakati marehemu yuko hai, na watoto aliowaasili. Ngoy akifa ghafla bila kufanya afiliasio, Esta anafika matangani akiwa na jina la marehemu, lakini hayumo katika orodha. Geuza mfano: mtoto anaitwa Mumba tu, hakuna Ngoy popote katika jina lake, lakini baba alikwenda komini akamtambua. Huyo ni mrithi sawa na ndugu zake wa ndani ya ndoa, maana ibara ya 593 inakataza ubaguzi wowote unaotokana na namna ubaba ulivyothibitishwa. Ndiyo maana ninapowaona wajomba na mashangazi wakibishana usiku kucha juu ya neno litakalotangulia, huwaomba waulize swali jingine: baba atakwenda komini lini?

Namna ya kujua kama ameshakwenda ni rahisi. Fungua cheti cha kuzaliwa na usome mbele ya jina la mtoto, hadi sehemu ya baba. Je, sehemu hiyo imejazwa? Kama wazazi hawakuwa na ndoa ya kiserikali au ya kimila iliyoandikishwa, je, kuna tamko la afiliasio ndani ya cheti chenyewe, au hati yake peke yake? Kama jibu ni hapana, kazi haijaisha.

Baba akikataa, mama au mtoto anaweza kumfikisha mahakamani ili ubaba utafutwe. Sheria yetu imekaza uzi hapo: ibara ya 591 inasema kila mtoto Mkongo awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Na pale baba wa damu asipopatikana kabisa, mahakama inaweza kumpa mtoto baba wa kisheria, mara nyingi kutoka familia ya mama. Kwa Batabwa, ambao kwao mjomba tayari ana jukumu la malezi, kipengele hiki hakiwi kigeni hata kidogo. Jina halihitaji kubadilika kwa sababu yake.

Ubishi juu ya jina unakuwa mgumu zaidi kwa watoto wa ziwa. Mashua kati ya Kalemie na Kigoma zimebeba wapenzi tangu zamani, na watoto wamezaliwa pande zote mbili. Tanzania mtu huandikwa jina lake kwanza, kisha la baba, kisha la babu. Esta mwingine, mtoto wa baba Mtanzania anayeitwa Juma Hamisi, atakuwa Esta Juma Hamisi kule. Kalemie ataandikwa Juma Hamisi Esta. Ni majina yale yale, lakini mbele ya afisa wa mpakani ni watu wawili. Ushauri wangu ni kwamba mtoto aandikishwe mahali alipozaliwa, na karatasi zote zinazofuata, za shule, za hospitali, za pasi ya kusafiria, zinakili mpangilio huo herufi kwa herufi, hata kama ng'ambo wanapenda mwingine. Majina kama Juma au Ramazani hayaleti shida chini ya ibara ya 58. Yamekuwa ya watu wa Tanganyika na Maniema kwa vizazi.

Mzazi wa kutoka mbali zaidi huuliza kama jina lake la kigeni linaweza kuingia. Kwa mtoto Mkongo, na mtoto mwenye mzazi mmoja tu Mkongo ni Mkongo tangu kuzaliwa kwa sheria ya 2004, njia salama ni kuweka jina la Kongo katika nafasi ya jina na posnomu. Moïse Katumbi Chapwe ni mtoto wa Nissim Soriano, Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rodo, na wapiga kura wanamjua kwa Katumbi, wala si kwa Soriano.

Likishaandikwa, jina limefungwa. Ibara ya 64 inakataza kubadili jina zima au sehemu yake, kubadili tahajia, hata kupindua mpangilio wa sehemu zake. Hapa ndipo familia nyingi hunaswa. Komini iliandika Ngoy, shule ikaandika Ngoie, cheti cha egizameni ya serikali kikatoka Mumba Ngoy badala ya Ngoy Mumba, na kadi ya mpiga kura ikafuata cheti cha shule. Mzazi anadhani mwalimu mkuu anaweza kusahihisha. Hawezi. Njia ni kuomba mahakamani, kwa sababu ya haki inayoelezeka: mtu mzima huenda mahakama ya amani ya mahali anapoishi, na kwa mtoto ambaye hajafika miaka 18, mambo ya utambulisho husikilizwa na mahakama ya watoto. Hukumu ikitoka, afisa wa etasivili huiandika kando ya cheti cha zamani. Mzazi aombe nakala mpya yenye maandishi hayo ya kando kabla ya kupeleka chochote shuleni, kwa sababu nakala ya zamani ikibaki mkononi itaendelea kutoa jina la zamani kila inapopigwa fotokopi.