Herufi Moja Katika "Hataleta": Jinsi Ujumbe wa Simu Unavyogeuka Ugomvi

Maneno ya ujumbe wa simu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kosa la uchapaji, ambalo ni la kidole: mtu amegusa kitufe cha jirani, au kitufe hakikupokea mguso wake. Ya pili ni usahihishaji otomatiki, ambao ni kazi ya programu ya kibodi. Mwandishi akimaliza neno na kuacha nafasi, programu hulitafuta neno hilo katika orodha ya maneno inayoyajua. Ikiliona geni, huweza kuliondoa na kuweka jingine lililo karibu nalo kwa herufi na linalotumika sana.

Makosa ya kidole yana mpangilio. Mwaka 1964 Fred Damerau, mtafiti wa kampuni ya IBM, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya hatua moja tu: herufi moja kuachwa, kuongezwa, kubadilishwa, au mbili kupishana. Kwa hiyo swali letu ni hili: ni lini herufi moja inaweza kugeuza maana bila msomaji kushtuka?

Mara nyingi haiwezi. Mtu akiandika "kehso" badala ya "kesho", msomaji hupita bila hata kusimama, kwa sababu "kehso" si neno. Ili kosa lidanganye, ni lazima litimize masharti mawili: lizae neno lililopo katika lugha, na neno hilo likae sawasawa kisarufi katika sentensi yake.

Sharti la pili ndilo linalotuokoa mara nyingi, kwa sababu Kiswahili kina upatanisho, yaani nomino hutawala viambishi vya maneno yanayoifuata. Chukua vitufe vya "u" na "i", ambavyo vimepakana. Fundi anayetaka kuandika "Kazi imekwisha" akiteleza akaandika "Kazi umekwisha", mteja anajua papo hapo kwamba kidole kimeteleza, maana "kazi" haichukui "u-". Lakini fundi huyo akiulizwa "Vipi kazi?" akajibu kwa neno moja, "Umekwisha", nomino ya kulinda maana haipo tena. Kinachobaki ni sentensi kamili inayosomeka kama tishio: wewe umekwisha. Ufupi wa ujumbe umeondoa mlinzi.

Sasa tuingie katika ukanushi, ambako upatanisho hautusaidii. Tuweke mfano. Mnunuzi wa zabibu yupo Dodoma mjini, na mkulima yupo Mpunguzi. Mkulima ameuliza kama gari la kubeba mzigo litafika. Mnunuzi anakusudia kuandika "Dereva hataleta gari kesho". Kinachofika ni "Dereva ataleta gari kesho". Sentensi zote mbili ni safi. Dereva bado ni mtu mmoja, kitenzi bado kinapatana naye, na gari bado lipo. Ni "h" tu iliyopotea.

Ili kuona kwa nini hapa pana hatari kuliko kwingine, tupange nyakati nne za kitenzi kimoja, yakinishi kwanza kisha kanushi: alileta, hakuleta, ameleta, hajaleta, analeta, haleti, ataleta, hataleta. Ondoa "h" katika kila kanushi, upate: akuleta, ajaleta, aleti, ataleta. Matatu ya kwanza yanaonekana yamevunjika. Sababu ni kwamba katika nyakati hizo ukanushi una alama mbili. Wakati uliopita una "ha-" pamoja na "-ku-". Hali timilifu ina "ha-" pamoja na "-ja-". Wakati uliopo una "ha-" pamoja na irabu ya mwisho "-i". Alama moja ikianguka, ya pili inabaki kutoa ushahidi. Wakati ujao hauna alama ya pili, kwa sababu "-ta-" inabaki ileile katika kukubali na katika kukataa.

Hatari hiyo haizikumbi nafsi zote. "Hatutaleta" ikipoteza "h" inakuwa "atutaleta", na "hawataleta" inakuwa "awataleta". Msomaji atahisi kuna kasoro. Zinazoathirika ni nafsi ya pili na ya tatu umoja: "hutaleta" inakuwa "utaleta", na "hataleta" inakuwa "ataleta". Nafsi ya kwanza ina tatizo la namna yake. "Nitaleta" na "sitaleta" zikipoteza herufi ya kwanza, zote mbili zinakuwa "italeta", na msomaji anachagua maana anayoitarajia.

Je, "h" inapoteaje? Mguso wa kwanza wa neno unaweza tu kutopokelewa. Pia kuna programu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na ukanushi ndani ya neno moja, kwa hiyo maumbo yake ni mengi mno kuandikwa yote katika orodha. Ikiwa orodha ya simu ina "ataleta" na haina "hataleta", basi kwa programu neno sahihi ndilo kosa, na la kuweka badala yake lipo umbali wa herufi moja. Tatu, wengi wetu tumezoea kuandika "apo", "uyo" na "awezi". Tunaelewana, kwa kuwa "awezi" bado ina "-i" mwishoni. Mazoea hayohayo yakiingia wakati ujao, yanafuta jibu lote.

Turudi Mpunguzi. Mkulima amesoma "ataleta", ameita vibarua, wamekata zabibu alfajiri. Zabibu iliyokatwa haiendelei kuiva, na juani inanyauka. Mchana hakuna gari. Anapiga simu: "Ndugu yangu, mbona umenidanganya?" Mnunuzi anajibu kwa uhakika, "Nilikuandikia hataleta!" Mkulima: "Kwani mimi sijui kusoma?" Hakuna mwongo hapo. Mnunuzi anakumbuka alichokusudia, na mwandishi akiutupia macho ujumbe wake huona kilichomo kichwani mwake. Mkulima anashika kilichoandikwa. Wakifungua simu zao pamoja wataona "ataleta" pande zote mbili, na hapo ndipo kosa linapojulikana kuwa la herufi. Wasipofungua, kila mmoja atabaki na hakika yake.

Baada ya hatua hizi, hukumu inaweza kutolewa. Mzigo wa tahadhari ni wa anayekataa, kwa sababu yeye ndiye anayetumia umbo lenye alama moja, na ahadi nyingi za biashara na za familia hutolewa katika wakati ujao. Dawa ni kuurudishia ukanushi alama ya pili. Aandike "Dereva hawezi kuleta gari kesho", ambayo hata ikisomeka "awezi" bado inakataa. Au aanze na "Hapana", kisha aongeze sababu: "Hapana, dereva hataleta gari kesho, gari lipo gereji." Herufi moja haiwezi kuziangusha alama zote tatu. Katika WhatsApp mtumaji ana dakika 15 za kuhariri ujumbe uliokwisha kutumwa. Ujumbe wa kawaida hauna nafasi hiyo, kwa hiyo usomwe tena kabla ya kutumwa.

Mpokeaji naye ana wajibu mmoja. Kama anakaribia kufanya jambo lisilorudishika kwa sababu ya neno moja la wakati ujao, kama kukata zabibu, kuita vibarua au kuvunja miadi, aulize kwa maneno mengine: "Yaani gari lipo kesho?" Akirudia neno lilelile, "Ataleta?", anaweza kujibiwa "Ndiyo" na mtu anayeamini kwamba anathibitisha "hataleta".