Kuusaka wimbo wa Kihindi kwa sikio la Mswahili

WENYEJI wa Mji wa Kale wa Mombasa wanaifahamu vyema taarabu iliyobeba mahadhi ya sinema za Kihindi. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa kwa mtindo huo: lahani ikitoka Bombay, maneno yakiwa ya Kiswahili, mengi yao kazi ya mshairi Ahmad Nassir, mwandishi wa diwani ya Malenga wa Mvita. Wimbo wa asili uliozaa lahani hiyo mara nyingi haukutajwa kwenye jalada la kaseti.

Leo anayetaka kuujua wimbo wa asili hapati msaada katika maneno ya Kiswahili, kwani hayo ni utungo mpya kabisa usiofasiri chochote. Programu nyingi za simu zinazotambua muziki nazo husikiliza rekodi, na rekodi anayoisikiliza msakaji ni ya Juma Bhalo mwenyewe. Aghalabu kinachobaki ni kumbukumbu ya mtu. Wapo kina bibi na kina babu waliokuwa wakienda sinema za Regal, Majestic na Naaz, ambao hadi sasa huweza kuimba kibwagizo cha Kihindi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujua maana ya neno hata moja. Sauti hizo, zikiandikwa kwenye karatasi kwa uangalifu, hutosha kuupata wimbo. Lakini wenye kumbukumbu hiyo wanapungua mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo penye haraka.

Jambo la kwanza ni kumwomba mzee aimbe, wala asiseme. Akiyasema maneno bila lahani, silabi humponyoka. Akiimba, lahani huzishikilia kwa sababu kila noti inadai silabi yake. Mrekodi kwa simu, kisha shughulika na kibwagizo peke yake. Nyimbo za sinema za Kihindi kwa kawaida hujulikana kwa mstari wa kwanza wa kibwagizo, na ndio unaotumiwa kuwa jina la wimbo katika orodha. Beti za kati zisubiri, zitahitajika baadaye.

Sikiliza mara kadhaa na uandike silabi kwa tahajia ya Kiswahili, bila kujaribu kukata maneno. Nitatoa mfano wa sentensi niliyoitunga mwenyewe, isiyotoka katika wimbo wowote. Tuseme sikio la Mmombasa limenasa hivi:

```
ba-ri-shi-me-ha-ma-ra-pu-ra-na-ga-ri-ya-da-ta-he
```

Kosa la kawaida hutokea mtu anapoanza kuyakata maneno. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, basi sikio letu hutia irabu hata pasipo na irabu. Kihindi kina maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti. Kwa hiyo "barishi" huenda ni barish, yaani mvua, na ile "i" ya mwisho ni yetu sisi. Vivyo hivyo "yadata" ni maneno mawili yaliyogandana, yaad na aata, ambayo kwa pamoja huonyesha kukumbukwa.

Kisha kuna "gari". Msikilizaji hufurahi hapa, kwani anajua kwamba neno letu la gari limetoka kwao, nalo lingali hai katika Kihindi likiandikwa gaadi. Ataona amepata sentensi inayohusu gari kuukuu. Lakini hebu tumwulize Mhindi sarufi yake. Kihindi, kama Kiswahili, kina upatanisho: nomino huamua umbo la maneno yanayoifuata au kuitangulia, ingawa wao wana makundi mawili tu, la kiume na la kike. Gari kwao ni la kike, na kivumishi chake kingeishia kwa "i": hamari purani gaadi. Sisi tumesikia hamara na purana, zote zikiishia kwa "a", na kitenzi aata nacho kinaishia kwa "a" badala ya aati. Mashahidi watatu wanakubaliana kwamba nomino ni ya kiume. Basi si gari. Ni ghar, yaani nyumba, na ile "i" tuliyoisikia imezaliwa na "y" ya neno linalofuata. Sentensi kamili ni kwamba wakati wa mvua tunaikumbuka nyumba yetu ya zamani.

Huhitaji kujua Kihindi ili kutumia kipimo hiki. Yatosha kuangalia kama maneno yaliyo jirani yanaishia kwa irabu moja. Yakihitilafiana katikati ya kifungu, ama umekata mahali pasipo pake, ama umesikia vibaya.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi: kuhamisha tahajia. Mtandaoni Wahindi wengi huandika nyimbo zao kwa herufi za Kirumi, lakini si kwa kanuni zetu. "He" yetu wao huandika hai. "Me" huandikwa mein ikiwa na maana ya ndani ya, au main ikiwa na maana ya mimi, na hata wao wenyewe huzichanganya. Irabu ndefu mara huandikwa mbili, mara moja: purana au puraana.

Hatari kubwa zaidi iko katika "gh", "dh", "th" na "kh". Kwetu "gh" ni sauti ya ghali, na "dh" ni ya dhahabu. Katika tahajia ya Kihindi, ile "h" huonyesha pumzi tu inayotoka pamoja na konsonanti, kwa hiyo ghar husikika kama "gar" yenye mhemo, na "th" yao ni "t" yenye pumzi, wala haifanani na ya thamani. Hapa msemaji wa Kimvita ana bahati kuliko Waswahili wengine. Lahaja yake bado hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama, na kaa la moto na kaa wa pwani, kwa pumzi hiyohiyo: mnyama na kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi, vile vingine bila. Aliyelelewa Kibokoni au Kuze huisikia tofauti hiyo. Shida ni kwamba hakufundishwa shuleni kuiandika. Aongeze "h" kila anaposikia pumzi, na atakuwa ameukaribia uandishi wa Kihindi.

"Kh" ina njia mbili. Yaweza kuwa "k" yenye pumzi, au ile sauti ya kooni ya maneno yaliyotoka Kiarabu na Kiajemi. Maneno hayo ni hazina kwa msakaji, maana tunayo pia: duniya, waqt, khabar, mohabbat. Ukisikia mfano wa dunia, wakati, habari au mahaba katika wimbo wa Kihindi, mara nyingi ndilo neno lenyewe, na ulirudishe katika umbo lililo karibu zaidi na asili kabla ya kulitafuta.

Lakini si kila linalofanana ni ndugu. Hai ya Kihindi si uhai. Ni kitenzi "ni". Raha haimaanishi starehe. Ni kipande cha kitenzi kinachoonyesha jambo linaendelea. Na yao yaweza kuwa neno la kukanusha. Nimewahi kuona karatasi ambapo wimbo mzima wa Kihindi umegeuka kuwa Kiswahili kisicho na maana, kwa sababu kila silabi ililazimishwa kuwa neno tunalolijua.

Sasa kutafuta. Usianze kwa kuandika mstari mzima ndani ya alama za kunukuu, kwani herufi moja ikitofautiana hutapata kitu. Chagua maneno matatu au manne yenye uzito, uache yale madogo yanayopatikana katika kila wimbo, kisha uongeze maneno ya kuuelekeza mtambo:

```
barish purana ghar yaad hindi film song lyrics
```

Maneno ya mwisho ni muhimu kwa aliye Kenya. Bila hayo, maneno kama hai, raha na gari humfanya mtambo adhani umeandika Kiswahili, na kurasa za habari za hapa nyumbani humiminika. Ukiziona hizo, ujue kasoro iko katika swali, wala si kwamba wimbo haupo. Jaribu tahajia nyingine ya neno mojamoja, usibadilishe yote kwa pamoja, la sivyo hutajua ni lipi lililofungua mlango. Ukishapata mstari unaoelekea kuwa wenyewe, hapo ndipo alama za kunukuu zinapofaa, ili kuona ni nyimbo ngapi zinao.

Mara nyingi ni zaidi ya mmoja. Watunzi wa sinema za Kihindi hurudiarudia mafungu ya maneno ya mapenzi, na nyimbo za zamani huimbwa upya katika filamu mpya. Hivyo usikiri mpaka umepita vipimo viwili. Cha kwanza ni ubeti wa kati uliouweka kando: je, silabi zake zinakubaliana na ulizoandika? Cha pili ni mwaka. Ikiwa filamu iliyotajwa imetoka baada ya kaseti ya Mombasa, basi huo si wimbo wa asili bali ni mrudio wake, na msako uendelee nyuma.

Jihadhari pia na jina la mwimbaji. Mzee atakwambia wimbo ni wa mwigizaji fulani kwa kuwa ndiye aliyemwona akiuimba kwenye pazia la sinema. Katika filamu hizo kwa kawaida mwigizaji hufumbua mdomo tu, huku sauti ikiwa ya mwimbaji wa studioni, kama Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi au Mukesh. Tafuta kwa jina la mwigizaji ukitaka filamu, na kwa jina la mwimbaji ukitaka wimbo.

Njia hii haifai sawasawa kwa kila lugha. Kwa nyimbo za Kiarabu, ambazo mahadhi yake yalimvutia zaidi marehemu Zein l'Abdin na gambusi lake, herufi za Kirumi huleta fujo zaidi, hata vijana wa Kiarabu huandika tarakimu 7 kwa "ha" nzito na 3 kwa "ain". Aliyepita chuoni Mji wa Kale afadhali aandike moja kwa moja kwa herufi za Kiarabu. Tatizo lake litakuwa lahaja, kwa kuwa Kiarabu cha Misri hakitamkwi kama kile alichokisoma.

Na ikiwa kila jaribio limeshindikana, ichukue ile karatasi ya silabi pamoja na rekodi kwa mzee wa Kihindi wa Mombasa aliyezoea sinema za zamani. Mwache kwanza aisikilize rekodi bila kuiona karatasi, aandike anachokisikia, kisha mlinganishe. Wimbo ukipatikana, andika ndani ya jalada la kaseti mstari wa kwanza kwa tahajia ya Kihindi, jina la filamu na mwaka wake, mwimbaji na mtunzi wa lahani. Na chini yake zile silabi kama mzee alivyoziimba, bila kuzisahihisha.